Naombaje kuongezewa muda kwa klaienti bila kudanganya? Dedlaini Alhamisi, kazi haitaisha

#1 NyotaTabata
Wakuu habari za jioni. Nina kazi ya kuandika rekodi za utafiti, yani unasikiliza mahojiano unayaandika neno kwa neno. Nilipewa rekodi 18, kati ya hizo 12 ni mahojiano ya mtu mmoja mmoja na 6 ni majadiliano ya vikundi. Nilianza Jumatatu tarehe 9 nikaahidi kumaliza Alhamisi tarehe 19. Leo ni Jumamosi tarehe 14 usiku nimeshajua haitawezekana. Mahojiano yote 12 nimemaliza lakini vikundi nimemaliza kimoja tu na kimenitoa jasho, watu 8 wanaongea kwa pamoja, kuna mtoto analia, na bodaboda inapita kila dakika.

Klaienti ni mratibu wa utafiti, dada mmoja mstaarabu sana na nataka anipe kazi tena. Nimeandika hivi, naombeni maoni kabla sijatuma:

"Habari za majukumu dada, natumai u mzima na kazi zinaendelea vizuri. Samahani sana kwa usumbufu. Kuna changamoto kidogo zimejitokeza upande wangu hivyo naomba univumilie, ntajitahidi wiki ya juu yake iwe tayari. Nitashukuru sana kwa uelewa wako."

#2 ChumaUlete
Usijichoshe dada. Sema umefiwa. Bongo hii hakuna mtu anakataa msiba, tena atakutumia na rambirambi.

#3 BintiKigamboni
@ChumaUlete acha kumfundisha mwenzio hivyo. Ofisini kwetu kuna kijana alifiwa na bibi mara mbili ndani ya mwaka, mara ya pili bosi akasema tunaenda kuhani. Tukachangishana kabisa, gari ikatafutwa, ndo akaanza kusema ooh tumeshazika ooh ni mbali. Mpaka leo akiumwa kweli tunamuangalia tu. Na Dar hii unadhani ni kubwa lakini watu wanajuana, huyo mratibu anaweza kuwa anasali na shangazi yako.

#4 MamaMarejesho
Mimi nilishapitia hili kwenye kikoba chetu. Marejesho yalikuwa 85,000 kwa wiki, biashara ya samaki ikayumba nikaenda kwa mwenyekiti kabla ya siku ya kikao nikamwambia ukweli. Kitu cha kwanza aliuliza "utaleta lini?" nikasema nikipata, akanirudisha nyumbani nikatafute jibu. Niliporudi na tarehe wakakubali. Ongea na mweka hazina wenu mapema.

#5 NyotaTabata
Asante mama, ila mimi sio mkopo, ni kazi ya kuandika. Ila hiyo ya "utaleta lini" nimeishika.

#6 mtakwimu_mwenge
Nyota mimi nimekuwa upande wa huyo dada mratibu kwa miaka kadhaa, nimepokea meseji kama yako nyingi sana. Ngoja nikwambie anachosoma yeye. "Changamoto kidogo" anasoma kwamba kuna kitu unaficha. "Ntajitahidi" anasoma kwamba hata wewe hujui. "Wiki ya juu yake" ina siku saba, aandike siku gani kwenye ratiba yake? Baada ya kusoma hiyo meseji itabidi akupigie kukuuliza maswali matatu: umefika wapi, kimebaki nini, lini. Sasa mbona usimjibu hayo hayo kabla hajauliza?

Tupe namba. Rekodi za vikundi zina dakika ngapi kila moja, na kile kimoja ulichomaliza kilikuchukua masaa mangapi? Nijibu hayo ndo tujue unaomba siku ngapi, sa hivi unakisia.

#7 kijanaUbungo
Afadhali wewe klaienti, jaribu kumuomba lekcha. Mimi asaimenti ilikuwa inafungwa saa 6 kasoro dakika moja usiku, saa 5 na nusu mvua, umeme ukakata na bando likaisha. Nikamwandikia kesho yake asubuhi na picha ya giza nikamtumia. Hakujibu mpaka leo. Nilisema ukweli mtupu na sikusaidiwa, kwahiyo hii ya ukweli ukweli sio dawa.

#8 NyotaTabata
@mtakwimu_mwenge nimekaa nimehesabu. Mahojiano 12 jumla yake ni masaa 9 ya odio, nimetumia kama masaa 38 kuyaandika. Kikundi kimoja dakika 82, nimetumia masaa 10. Nafanya masaa 8 kwa siku Jumapili napumzika. Vikundi 5 vilivyobaki jumla dakika 400.

Kosa langu ni kwamba nilipiga hesabu ya saa moja ya odio kwa masaa manne ya kuandika kwa rekodi zote. Sikusikiliza za vikundi kabla ya kuahidi.

#9 mtakwimu_mwenge
Hapo sasa tunaongea. Kwenye mahojiano makadirio yako yalikuwa sahihi kabisa, masaa 38 kwa odio ya masaa 9 ni kama nne kwa moja na ndivyo ilivyo kwa mtu mzoefu na sauti safi. Kwenye kikundi umetoka saba kwa moja na kitu. Hiyo nayo ni kawaida kwa sababu hauandiki tu, unarudisha nyuma kutafuta nani kasema, huyu ni mshiriki wa 3 au wa 5, na wakicheka wote unakosa nusu ya sentensi.

Dakika 400 kwa kasi yako ni karibu masaa 49. Una siku nne za kazi mpaka Alhamisi, yani masaa 32. Umepungukiwa masaa 17, siku mbili na kidogo.

Sasa angalia kitu ambacho hukukiona. Kwa masaa hayo 32 unamaliza vikundi vitatu. Ukijumlisha na ulicho nacho, Alhamisi ile ile uliyoahidi una faili 16 kati ya 18. Wewe hauombi kuongezewa muda wa kazi, unaomba muda wa faili mbili. Meseji yako ya kwanza inamfanya aone kazi yote imekwama.

#10 BintiKigamboni
Duh! Kweli kabisa. Hata mimi nilisoma nikajua hajaanza.

#11 ChumaUlete
Sawa nimekubali msiba tuache. Ila mimi nina kanuni, ukihitaji siku mbili omba tano. Aombe mpaka tarehe 27, amalize 24 aonekane mchapakazi. Hapo hakuna uongo.

#12 Mwl_Kimara
Salaam. Nafundisha chuo kimoja hapa Dar, nimeona @kijanaUbungo #7 nikaona niseme kidogo kwa upande wa wanafunzi.

Kijana, ukweli wako sina shaka nao, shida ni muda uliouleta. Ukiniandikia kesho yake hauombi tena muda, unaomba msamaha, na hilo ni jambo jingine kabisa. Mfumo ukishafunga, wenzako 180 wameshakusanya, nikikufungulia wewe kwa picha ya giza lazima niwafungulie wote wenye giza. Nami sina namna ya kujua picha ilipigwa usiku gani.

Mwaka jana kuna binti aliniandikia siku mbili kabla. Alisema kazi ameiambatanisha ilipofikia, sehemu ya uchambuzi haijakamilika kwa sababu dodoso 14 zilirudi zimejazwa nusu ikabidi azifuate tena Mbagala, na anaomba kutoka Ijumaa saa 6 usiku mpaka Jumapili saa 2 usiku. Nilimkubalia ndani ya dakika kumi. Kwanini? Nilifungua nikaona kurasa 11 zipo. Halafu mimi nilikuwa napanga kuanza kusahihisha Jumatatu asubuhi, hivyo hakunipotezea chochote.

#13 kijanaUbungo
Mwalimu shikamoo. Sasa angejuaje kwamba unasahihisha Jumatatu?

#14 Mwl_Kimara
Marahaba. Aliuliza. Alimtuma kiongozi wa darasa aniulize naanza lini kusahihisha, nikamwambia. Swali hilo wanafunzi hawaulizi kabisa, wanaangalia dedlaini tu, hawaangalii kazi inaenda wapi baada ya dedlaini.

Ila tusichanganye, haya ni ya asaimenti, ambayo iko mikononi mwangu. Mtihani wa mwisho wa muhula sio wangu kuahirisha, huo unaombwa kwa barua kwenye ngazi za juu na ukiwa na sababu ya ugonjwa unataka karatasi ya hospitali. Wanafunzi wananifuata ofisini wanalia kwa jambo ambalo sina mamlaka nalo na siku zinakwenda.

#15 mtakwimu_mwenge
@Mwl_Kimara hilo la "kazi inaenda wapi" ndo penyewe. Nyota, huyo dada akipokea maandishi yako anayafanyia nini na lini? Kwa kawaida kuna mtu anasoma na kuweka alama za mada kwenye kila aya, na huyo hawezi kusoma faili 18 kwa siku moja. Ataanza na chache. Kwahiyo zile 12 ulizomaliza usikae nazo mpaka Alhamisi! Zitume kesho pamoja na ombi. Mtu mwenye kazi mkononi wiki nzima hana haraka na faili mbili za mwisho.

@ChumaUlete kuhusu tarehe 27. Nakuelewa, lakini mimi nikiona faili mbili zinaombewa siku sita za kazi nitapiga hesabu kama niliyopiga hapo juu. Masaa 20 hivi. Nitajua umeongeza, na nitaanza kujiuliza makadirio yako mengine.

#16 ChumaUlete
Sio wote wanajua hesabu hizo mkuu. Wewe ni mtu wa fani.

#17 FundiMbao255
Nami nichangie. Mimi nachonga kabati za jikoni, Keko. Kuna mzee wa Mbezi Beach nilimwahidi kabati mwisho wa mwezi, mbao zikaja mbichi, ukizifunga hivyo zikikauka zinapinda, mlango haufungi. Nikamwambia ukweli, nikamwita karakana akazishika mwenyewe akaona unyevu, akanipa wiki mbili. Kosa langu nikasema wiki mbili kwa sababu ndo ilinijia mdomoni, sio kwa sababu nilijua zitakauka lini. Zilikauka wiki ya nne. Mara ya kwanza alinielewa vizuri tu, mara ya pili hakusikiliza hata nusu, akachukua advansi yake akaenda kwa mwingine. Yani ningesema wiki tano tangu mwanzo ningekuwa nae mpaka leo. Kwahiyo mimi nipo na Chuma, ongeza siku, kuomba mara mbili ni kubaya kuliko kuomba nyingi.

#18 mtakwimu_mwenge
Fundi wewe hukuwa na kipimo, Nyota anacho, ameshafanya kikundi kimoja akajua ni masaa 10. Huko kwako ungepima ubao mmoja unakauka kwa siku ngapi ndo uahidi. Lakini nakubali kuomba mara mbili ni kubaya. Faili mbili ni Ijumaa 20, Jumamosi 21 na nusu ya Jumatatu 23. Nusu iliyobaki ya Jumatatu ni ya kupitia na kuondoa majina ya watu waliotajwa kwenye rekodi. Akiahidi Jumanne 24 asubuhi kuna nafasi ya umeme kukatika nusu siku. Zaidi ya hapo sioni sababu.

#19 FundiMbao255
Nusu siku ya umeme haitoshi mzee. Mtaani kwetu ukikata asubuhi unarudi usiku. Mimi ningesema Jumatano.

#20 BintiKigamboni
Na sababu je? Aseme kweli "nilikosea hesabu"? Mimi naogopa ataonekana hajui kazi. Angesema tu sauti za vikundi hazisikiki vizuri, maana nayo ni kweli si kuna mtoto analia na bodaboda.

#21 mtakwimu_mwenge
Hiyo ni kweli nusu. Sauti alikabidhiwa tangu tarehe 9, mratibu atauliza kwanini hukusema wiki iliyopita. Akisema "sikuzisikiliza kabla ya kuahidi, nilikadiria sawa na mahojiano" swali linaishia hapo.

#22 Mwl_Kimara
Hapa natofautiana kidogo na mtakwimu. Kwa mwanafunzi wangu nataka sababu kamili kwa sababu lazima nipime nani apewe nani asipewe. Klaienti hapimi haki, anapima ratiba. Sentensi moja ya sababu inamtosha, hata akisema "vikundi vinachukua muda mrefu kuliko nilivyokadiria" bila kujieleza zaidi. Kukiri kosa kwa undani kunaweza kumpa mtu mwingine sababu ya kukata malipo.

#23 BintiKigamboni
Ndo hofu yangu hiyo mwalimu.

#24 ChumaUlete
Na asijitolee kupunguza bei! Najua wadada mna huruma, utaona mtu anasema "unaweza kunikata hata elfu hamsini". Kama hajaomba usimpe.

#25 NyotaTabata
@ChumaUlete kweli nilikuwa nimeshaiandika hiyo sentensi, nimefuta. Haya nimeandika upya, naomba muiangalie:

"Habari dada. Alhamisi tarehe 19 nitakuwa na faili 16 kati ya 18. Mbili za vikundi zitachelewa, naomba nizilete Jumanne tarehe 24 saa 4 asubuhi. Sababu ni kwamba nilikadiria vikundi kama mahojiano ya mtu mmoja, kumbe kimoja kinachukua masaa 10, hilo ni kosa langu la makadirio. Mahojiano yote 12 yameisha, nimeyaambatanisha hapa uanze nayo. Kama kuna vikundi unavyovihitaji mapema niambie nianze navyo. Naomba unijulishe kama tarehe 24 inakufaa."

#26 mtakwimu_mwenge
Nzuri. Mambo mawili tu. Kama mratibu anapeleka kwa mtu wa nje "saa 4 asubuhi" ataisoma saa 10 alfajiri yetu, andika 10:00 asubuhi. Na tuma kwenye imeili ile ile mliyokubaliana kazi, Wotsapu iwe ya kumjulisha tu kwamba kuna imeili, maana ukikubaliwa kwa sauti au kwa emoji ya dole gumba, siku ya malipo mhasibu haijui.

#27 kijanaUbungo
Salamu fupi sana hiyo, "Habari dada" halafu unaingia moja kwa moja? Angalau muulize hali.

#28 BintiKigamboni
Mwache, ile ya kwanza ilikuwa salamu mistari miwili na habari yenyewe nusu mstari.

#29 NyotaTabata
Mrejesho wakuu. Nilituma jana Jumapili saa 2 usiku, leo saa 3 asubuhi kajibu. Kasema tarehe 24 sawa, ila vikundi viwili vya wanawake anavihitaji vitangulie kwa sababu Ijumaa ana kikao cha kuonyesha matokeo ya awali. Mimi nilikuwa napanga kuanza na vile vya wanaume maana ni vifupi! Ningeviacha vya wanawake mwisho angeingia kwenye kikao hana kitu. Na wala hakuuliza chochote kuhusu kosa la makadirio.

#30 Mwl_Kimara
Hongera. Sasa hiyo 24 ilinde.

#31 NyotaTabata
Asante mwalimu. Jumatano umeme ulikata kuanzia saa 2 mpaka saa 9 alasiri kama alivyosema Fundi, nikaenda kukaa kwa rafiki Sinza. Alhamisi nimefikisha faili 15, sio 16. Nikamwandikia mchana kabla ya kutuma kwamba ni 15, viwili vya wanawake vimo, na 24 iko palepale. Sijui kama nilikosea kumwambia au ningekaa kimya nifidie Jumapili.

#32 FundiMbao255
Si nilisema Jumatano!

#33 ChumaUlete
Ungekaa kimya. Faili moja hata asingehesabu.

#34 mtakwimu_mwenge
Angehesabu. Kitu cha kwanza mimi nafanya nikifungua folda ni kuhesabu. Ila sasa 24 imebana, una vikundi vitatu, masaa 30, na siku tatu za kazi. Jumapili hii hupumziki dada.

#35 NyotaTabata
Sikupumzika. Nimemaliza Jumatatu saa 5 usiku, nimetuma Jumanne saa 3 na nusu asubuhi. Ameshapokea. Anasema mwezi ujao kuna vikundi 10 Bagamoyo, ananiuliza nitahitaji siku ngapi.

#36 kijanaUbungo
Vikundi 10 ni masaa 100, siku 13 bila umeme kukata. Ila dada swali, walikulipa kwa faili au kwa dakika za odio?

#37 NyotaTabata
Kwa faili, bei moja kwa mahojiano na kwa vikundi.

#38 BintiKigamboni
Yani kikundi cha masaa 10 na mahojiano ya masaa matatu bei sawa?? Kabla hujamjibu hizo siku njoo kwanza tuongee hilo.